Taji Lililopima Ujazo

Nyumbani kwetu Mji Mkongwe, neno "bati" linabeba mzigo mkubwa. Paa la jirani ni bati, ingawa kilichoufunika ule mkeka wa chuma ni zinki. Kopo la maziwa ya unga ni bati, na hapo angalau kuna bati la kweli lililopakwa juu ya chuma. Na kila chombo cha kijivu kilichorithiwa, kisichong'aa kama fedha na kisichoshika kutu kama chuma, nacho ni bati. Neno "risasi" lina hali kama hiyo: ndiyo inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, na ndiyo madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri ya gari. Mtu hupita siku nyingi bila kuhitaji kutofautisha zaidi ya hapo. Mimi nililazimika kutofautisha mwaka huu, kwa sababu ya kopo moja lililokuwa likigombaniwa na watu watatu ninaowapenda.

Kopo lenyewe ni la mkono, lina kitako kipana, mpini uliopinda kama sikio, na rangi ya mawingu ya masika. Marehemu babu alilinunua mnadani katikati ya miaka ya sitini, wakati vyombo vya nyumba nyingi zilizobaki tupu baada ya Januari 1964 vilipokuwa vikiuzwa mitaani. Karibu na ukingo wake limegongwa taji dogo. Kwa sababu ya taji hilo, kwetu liliitwa "kopo la Mfalme", likawekwa kwenye kabati la vioo, na likawa linatoka mara moja kwa mwaka: Ramadhani, wakati wa futari, likiwa na juisi ya ukwaju ya mgeni anayeheshimiwa kuliko wote.

Mwaka huu bibi alikwisha kuamua mgeni ni nani. Dada yangu ana mimba ya kwanza, na bibi alitaka anywee kopo la Mfalme mwezi mzima. Mjomba, ambaye ana duka la vitu vya kale Mtaa wa Gizenga, alikuwa na mawazo mengine. Mteja wake mmoja alikuwa ameliona kopo kwenye picha ya simu, akauliza kama ni fedha na kama ni kweli lilitoka kasri. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, nasoma shahada ya uzamili ya kemia Dar es Salaam, na kila upande uliniona kuwa shahidi wake. Mjomba alitaka nimwambie ni la lini. Bibi alitaka nimwambie mjomba akae mbali. Dada hakutaka chochote, alikuwa na kichefuchefu.

Nilipoligeuza kopo mkononi nilijua kwamba maswali ni mawili, na kwamba jibu la moja halijibu lingine. La kwanza ni umri. La pili ni kama midomo ya watu inaruhusiwa kuligusa.

Chombo cha namna hii Waingereza hukiita pyuta, na hatuna neno letu lililozoeleka zaidi ya hilo bati, kwa hiyo nitatumia pyuta. Ni mchanganyiko wa madini ambao sehemu yake kubwa ni bati halisi. Bati peke yake ni laini mno, kijiko chake hupinda kwenye uji mzito. Kwa hiyo mafundi waliongeza kitu cha kuligangamaza au kulipunguzia gharama. Wakiongeza shaba kidogo na antimoni, chombo kinakuwa kigumu, cheupe na cha bei. Wakiongeza risasi, chombo kinakuwa rahisi kumiminwa kwenye kalibu, kizito mkononi na cha bei nafuu, kwa sababu risasi ilikuwa rahisi kuliko bati. Pyuta za zamani za hali ya chini zilikuwa na risasi robo nzima na hata zaidi. Pyuta inayotengenezwa leo kwa ajili ya meza, kwa viwango vya Ulaya, hairuhusiwi kuwa na risasi ila kiasi kidogo mno. Kati ya ncha hizo mbili kuna karne nyingi za vyombo vinavyofanana kwa macho.

Nilianza na chapa, kwa sababu ndizo mjomba alizitaka. Chapa za pyuta hazisomwi kwa kusugua. Ukisugua unaondoa ule utando wa kijivu, na kama chapa imelika unaondoa na chapa yenyewe. Nilingoja jioni, nikazima taa ya sebule, nikaweka tochi ya simu ubavuni mwa kopo ili mwanga upite juu ya uso wake kwa kulala. Mashimo madogo yakatoa vivuli. Kisha nikaweka karatasi nyembamba juu yake na kusugua polepole kwa ubavu wa penseli, kama watoto wanavyonakili shilingi.

Ndani ya kitako palikuwa na chapa ya duara iliyokwisha kulika. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya fundi, nayo haikunipa hata herufi moja. Mwilini palikuwa na neno PINT. Karibu na ukingo palikuwa na lile taji, na chini yake, ambako kwa miaka sitini tulidhani ni mapambo, palikuwa na herufi mbili, VR, na chini yake namba ambayo tarakimu moja tu ilisomeka.

Herufi hizo ni kifupi cha Kilatini cha Malkia Victoria. Taji, herufi za mtawala na namba kwa pamoja si chapa ya fundi wala ya kasri. Ni muhuri wa mkaguzi wa mizani na vipimo. Uingereza ilianza kutumia painti moja kwa nchi nzima mwaka 1826, na vyombo vya kuuzia vinywaji vikawa vinakaguliwa kama vinabeba ujazo vinaodai. Mwanzoni kila mji uligonga muhuri wake. Baada ya sheria ya vipimo ya mwaka 1878 mihuri ikafananishwa: taji, herufi za mtawala aliyeko, na namba ya eneo la mkaguzi. Malkia Victoria alifariki Januari 1901, na herufi zikabadilika kuwa ER za Edward wa Saba, kisha GR za George. Kwa hiyo kopo letu lilipita mbele ya mkaguzi kati ya mwaka 1879 hivi na mwanzoni mwa 1901.

Nasema lilipita mbele ya mkaguzi, sisemi lilitengenezwa. Hapa ndipo wauzaji wengi huteleza. Muhuri wa kipimo unaonyesha siku ya ukaguzi, na kopo linaweza kuwa lilikwisha kufanya kazi miaka ishirini kabla ya siku hiyo. Chapa ya fundi ndiyo ingetupa mwaka wa kuzaliwa, na yetu imekufa. Kilichobaki ni kusema kwa uhakika kwamba si la baada ya 1901, na kunyamaza kuhusu mwanzo wake.

Nilijaza maji mpaka ukingoni, nikayamimina kwenye jagi la vipimo la jikoni. Yalikuwa mililita 570 hivi. Painti ya Kiingereza ni 568. Mkaguzi alifanya kazi yake sawasawa.

Bibi alikuwa akitazama yote haya kutoka kwenye kochi lake. "Sasa hiyo painti," aliuliza, "walikuwa wakipimia nini? Mafuta?"

"Bia, bibi. Makopo kama haya yalikuwa ya vilabuni."

Kimya kikaingia sebuleni. Alilitazama kopo kama mtu anayemtazama mkwe aliyesikia habari zake mpya.

"Astaghfirullah," alisema mwishowe. "Babu yako aliifungulia swaumu kwa kopo la pombe miaka yote hiyo."

"Pombe inaoshwa ikatoka, bibi. Kinachonishughulisha mimi ni kisichooshwa."

Kwa maana taji lilikuwa limejibu swali moja tu. Kama mkaguzi wa vipimo anavyoangalia mizani ya muuza nyanya Darajani bila kuuliza nyanya zilipuliziwa dawa gani, ndivyo mwenzake wa zamani alivyohakikisha mnywaji hapunjwi. Hakuna aliyemtuma kuuliza kopo lenyewe limetengenezwa kwa nini. Hata chapa ambazo ziliwahi kudai ubora wa madini hazitoshi. Mafundi wa Uingereza waligonga herufi X yenye taji kuonyesha pyuta nzuri, lakini chama chao cha London kilipopoteza nguvu ya kuwakagua, X ikawa pambo analogonga anayetaka. Wengine waligonga vichapa vinne vidogo mstarini, vinavyoigiza mihuri ya fedha halisi, na mpaka leo vichapa hivyo humfanya mtu aulize kama ni fedha. Chapa ni maneno ya fundi. Kwa habari ya risasi, inabidi uyahoji madini yenyewe.

Swali la kwanza kwa madini ni rangi, na rangi ina hila. Weusi wa nje hausemi kitu. Katika hewa yetu ya chumvi, hata pyuta isiyo na risasi kabisa huvaa utando mzito na kuota vipele vyeusi, kwa sababu chumvi ya bahari hulishambulia bati. Rangi inayosema kitu ni ya madini mabichi. Kwa hiyo nilikwaruza alama ndogo chini ya kitako, mahali pasipoonekana, kwa ncha ya msumari. Bati zuri hutoa weupe wa fedha wenye joto kidogo, na hukaa hivyo. Risasi hutoa weupe wa kibuluu unaofifia upesi. Mkwaruzo wetu ulikuwa na ubuluu, na baada ya siku chache ulikuwa umeanza kuwa kijivu.

Kisha nikasugua ukingo wa kitako kwenye karatasi nyeupe. Pyuta yenye risasi nyingi huandika kama penseli. Kopo letu liliacha mstari hafifu wa kijivu. Kipimo hiki kina mlango mmoja tu: mstari ukionekana wazi, umepata onyo la kweli, usipoonekana, hujapata ruhusa yoyote, kwa sababu pyuta yenye risasi kidogo haiandiki ilhali bado ina risasi.

Kipimo nilichokiamini zaidi ni cha maji, na kinahitaji mizani tu. Gramu moja ya risasi huchukua nafasi ndogo kuliko gramu moja ya bati. Sentimita moja ya ujazo ya bati ina uzito wa gramu 7.3 hivi, na ya risasi ina gramu 11.3. Kwa hiyo kadiri risasi inavyozidi ndani ya pyuta, ndivyo chombo kinavyokuwa kizito kwa nafasi kinayochukua. Uzito huo kwa nafasi, ambao shuleni tuliuita densiti, ndio unaomsaliti fundi.

Mizani ya jikoni kwa bibi inasoma gramu nzima nzima. Kwanza nilipima kopo kavu: gramu 468. Kisha nikaweka bakuli kubwa la maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri. Nikafunga uzi kwenye mpini wa kopo na kulizamisha lote majini, likining'inia bila kugusa chini wala pembeni. Mizani ikasoma 60. Kitu kinachoning'inia majini huisukuma mizani kwa uzito wa maji yaliyohama tu, na gramu moja ya maji ni mililita moja. Kwa hiyo madini ya kopo yalichukua mililita 60. Gramu 468 kugawa kwa 60 ni 7.8.

Kama kopo ni bati na risasi tu, densiti ya 7.8 inamaanisha risasi asilimia 18 hivi. Lakini mizani inayoruka gramu moja haistahili kuaminiwa hivyo. Kama maji yaliyohama yalikuwa 61, risasi inashuka hadi asilimia 14. Kama yalikuwa 59, inapanda hadi 23. Nikaenda kwa sonara mmoja anayepima dhahabu kwa mizani ya sehemu ya kumi ya gramu, nikamwomba kwa heshima zote aniruhusu kuloweka kopo dukani kwake. Alikubali kwa sharti kwamba maji niyalete mwenyewe. Kavu lilikuwa 468.2, majini 59.8. Densiti 7.83, risasi asilimia 19.

Vitu viwili vinaweza kukudanganya hapa. Cha kwanza ni hewa. Povu lililonasa chini ya kitako, au mpini uliomiminwa ukiwa na uwazi ndani, hulifanya kopo lionekane limechukua nafasi kubwa kuliko madini yake, na risasi ionekane ndogo kuliko ilivyo. Nililitikisa kopo majini mpaka mapovu yakaisha, lakini mpini siwezi kuufungua. Kwa hiyo ile asilimia 19 ni kiwango cha chini. Cha pili ni vifaa vya ziada: kopo lenye kitako cha kioo, au buli lenye mpini wa mti, halifai kupimwa hivi hata kidogo.

Ili nisijiamini bure, nilipima pia chombo cha sukari kilichokuwa rafu moja na kopo. Hicho chini yake kina jina zima, James Dixon & Sons, Sheffield, na nembo ya tarumbeta yenye bendera ambayo kiwanda hicho kilianza kuitumia mnamo 1880. Sheffield ndiko ilikokulia aina ya pyuta iitwayo britania, iliyoanza karibu na mwaka 1769. Ni bati asilimia 90 na ushei, antimoni na shaba kidogo, na risasi haikukusudiwa kuwemo. Hupigwa ikawa bamba jembamba badala ya kumiminwa, ndiyo maana ni nyepesi. Chombo cha sukari kilikuwa gramu 241, kikahamisha mililita 33. Densiti 7.3. Hivyo vyombo viwili vya kijivu vilivyokaa pamoja zaidi ya nusu karne, ambavyo sote tuliviita bati, vilikuwa mbalimbali kabisa.

Mjomba aliposikia kwamba chenye jina la kiwanda kimefaulu, alikuwa tayari kufanya sheria: chenye jina ni salama, kisicho na jina si salama. Sheria hiyo ingemponza. Ukiona herufi EPBM chini ya chombo, ni britania iliyopakwa fedha kwa umeme, na fedha ikilika unaanza kula moja kwa moja na kilichomo chini. Na hata britania safi ilikuwa ikiungwa kwa lehemu, ambayo mara nyingi ilikuwa na risasi. Kiungo cha mdomo wa buli kinaweza kuwa na kile ambacho mwili wake hauna. Chombo cha sukari hakina mdomo wala mpini wa kuunga, na kinabeba kitu kikavu. Ndiyo sababu nilikiruhusu. Buli la kiwanda hichohicho nisingeliruhusu kabla sijapima maungio yake.

Likizo ilipoisha nilivuka na kopo kwenda Dar es Salaam, nikaliweka chini ya mashine ya eksirei inayosoma madini bila kuyakata. Ilisoma risasi asilimia 22 ukingoni na 20 chini ya kitako. Mashine hiyo husoma ngozi ya juu tu, kwa hiyo tofauti na yale maji ya sonara hainishangazi. Ilichoniambia ni kwamba mizani, bakuli na uzi vilikuwa vimesema kweli ya kutosha kufanyia uamuzi wiki tatu mapema.

Uamuzi wenyewe ulitegemea ukwaju. Maji baridi yakikaa dakika mbili kwenye pyuta yenye risasi hayachukui kingi. Asidi ndiyo inayoyeyusha. Ukwaju, limau, embe mbichi, siki ya achali, hata urojo, vyote ni vikali, na kwetu juisi ya futari humiminwa alasiri ikangoja adhana. Masaa hayo mawili ndiyo yanayofanya kazi. Fikiria kopo hilo lenye painti moja limetoa miligramu moja tu ya risasi, uzito usiofika punje mbili tatu za sukari. Katika mililita 568, hiyo ni mara 176 ya kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekipendekeza kwa maji ya kunywa, yaani mikrogramu 10 kwa lita. Huwezi kuionja. Chumvi zake nyingine zina utamu, na ukwaju una sukari tayari.

Haba na haba hujaza kibaba, na mwili una kibaba chake cha risasi, nacho ni mifupa. Risasi hujificha humo pamoja na kalisi, ikakaa miaka. Mwanamke anaposhika mimba, mifupa yake hutoa kalisi kumjengea mtoto, na risasi ya zamani hutoka nayo ikapita kondo. Kwa hiyo hata mjamzito asiyegusa kopo leo anaweza kuwa analipa deni la makopo ya jana. Dada alikuwa amekunywa humo mara moja moja, Ramadhani za utotoni, babu alipokuwa akimwonjesha. Nilimweleza hivyo hivyo, bila kumtisha, kwamba mara chache za zamani si sawa na mwezi mzima wa sasa, na kwamba kipimo cha damu kipo. Alikwenda kupima. Matokeo yake ni yake, nami sina ruhusa ya kuyaandika.

Kumweleza bibi kulichukua siku nyingi zaidi. Hakuwa akibishana na densiti. Alikuwa akibishana na miaka sitini ya mikono iliyolishika kopo hilo, na nyingi ya mikono hiyo imezikwa. "Babu yako alikufa na miaka themanini na moja," aliniambia. "Hilo kopo halikumfanya kitu."

"Alikuwa mtu mzima, bibi. Na alilinywea mwezi mmoja kwa mwaka. Huyu aliye tumboni hana hata mfupa uliokomaa."

Akanyamaza, akakung'uta unga kwenye kanga yake. "Basi na apewe bilauri," alisema. "Lakini lisitoke humu ndani."

Kwa hiyo halikuuzwa. Mjomba hakufurahi, ingawa nadhani ile habari ya bia ilikuwa imeshampunguzia moto. Mteja wake alitaka fedha ya kasri, na kopo la klabu la painti moja halikuwa ndoto yake. Hata hivyo mazungumzo yetu hayakuishia hapo, kwa sababu dukani kwake kuna vyombo vingine kumi na viwili vya rangi hiyohiyo, na wanunuzi wengi humwuliza swali moja wakiwa wamekwisha kuinua kikombe kuelekea mdomoni.

Tulikaa Ijumaa moja baada ya sala na mizani mpya aliyoinunua mwenyewe, ya sehemu ya kumi ya gramu, tukavipima kimoja kimoja. Vitano vilikuwa karibu na 7.3 na havikuandika karatasini. Vinne vilipita 7.6. Vitatu havikupimika kwa sababu ya mipini ya mti na vioo, tukaviweka upande wa vile vinne, kwa kuwa kisichojulikana hakiwi salama kwa kutojulikana. Hata vile vitano tulivikagua maungio, na viwili vikahamishwa kwa sababu ya lehemu nzito iliyojaa ndani. Vitatu vilivyobaki vikawa vya vitu vikavu.

Mjomba aliniuliza aandike nini kwenye vile tisa. Alikuwa ameanza mwenyewe: "Kale sana, kwa mapambo." Nilimwambia neno mapambo ni la adabu mno, mtu atalisoma kisha anywe. Tukajaribu mara kadhaa nyuma ya risiti za zamani. Mwishowe kila kikaratasi kilibeba mistari mitatu kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni: chapa inayosomeka na kipindi chake, densiti, na mstari wa mwisho, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni wake, kwamba chombo hiki kina risasi au kinaweza kuwa nayo, kisitiwe chakula wala kinywaji, na mikono ioshwe baada ya kukisugua.

Wiki ya kwanza aliuza kimoja tu. Alinipigia kunieleza kwamba mnunuzi alisoma kikaratasi chote akiwa amesimama mlangoni, akauliza densiti ni nini, akaelezwa kwa kutumia bakuli na uzi, na akalipa bila kupatana bei. Alikitaka cha kuwekea kalamu.